Kiolezo cha Canva ulichonunua: jinsi ya kuweka maneno yako bila kuharibu nafasi na mtindo

*Swali: Nimenunua kiolezo cha mwongozo wa kurasa za A4 kwenye Canva, ni kizuri sana. Tatizo ni nikianza kuweka maneno yangu. Kichwa kinashuka na kufunika aya ya chini yake, nikipunguza herufi ukurasa mmoja unakuwa tofauti na mwingine, na kuna ukurasa wenye hatua tatu wakati mimi nina hatua nne za kushona sketi. Nimehangaika wiki nzima na sasa kinaonekana kama nimekitengeneza mwenyewe vibaya. Nifanyeje?*

Dada yangu, kabla hujagusa kitu kingine, rudi kwenye kile kiungo ulichopewa uliponunua, ukibofye tena ili upate nakala mpya. Ile uliyoihangaikia wiki nzima usiifute, maana maneno yako yamo humo, ila usiendelee kuitengeneza. Ukishafungua nakala mpya, nenda `File` kisha `Make a copy`, ili uwe na nakala mbili safi: moja ya kufanyia kazi, nyingine ya kuangalia tu. Hiyo ya kuangalia iite “Asili – usiguse”. Utaifungua pembeni mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu jicho husahau haraka ukurasa ulivyokuwa. Baada ya nusu saa ya kusogeza vitu unaweza kuapa kwamba pengo lilikuwa hivi tangu mwanzo, kumbe limepungua nusu.

Kazi hii ifanye kwenye kompyuta. Vipimo nitakavyovitaja vinaonekana vizuri zaidi huko, na kidole juu ya skrini ndogo hakiwezi kukamata ukingo wa kisanduku kwa uhakika.

Sasa nikueleze kwa nini kichwa chako kinafunika aya, kwa sababu ukilielewa hili nusu ya matatizo yako yanaisha. Umezoea programu ya kuandikia barua: ukiongeza mstari juu, vyote vya chini vinasukumwa. Kwenye ukurasa wa kiolezo cha Canva hakuna kusukumana. Kila kisanduku cha maandishi kimewekwa mahali pake peke yake na hakijui kwamba kuna jirani. Ukiongeza maneno, kisanduku kinarefuka, jirani anabaki palepale, na wanapandana. Aliyetengeneza kiolezo aliacha pengo lililotosha maneno yake ya mfano, na maneno hayo ya mfano karibu kila mara ni mafupi na ya Kiingereza. Neno moja la Kiswahili linabeba mtendaji, wakati na mtendwa, kwa hiyo ni refu. “Utakapokishona” ni neno moja, na kwenye safu nyembamba linaweza kula mstari mzima.

Kuna kitu kingine kinachoamua kisanduku kirefuke kuelekea wapi. Bofya kichwa chako, kisha fungua `Spacing` kwenye upau wa juu. Chini ya kipimo cha nafasi kati ya herufi na nafasi kati ya mistari utaona `Anchor text box`, yenye alama tatu: juu, katikati, chini. Kikiwa kimeshikwa juu, kisanduku kinarefuka kushuka. Kikiwa kimeshikwa chini, kinarefuka kupanda. Kikiwa katikati, kinatanuka pande zote mbili, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa, maana pengo la juu na la chini yote yanapungua kidogo na huoni kosa liko wapi. Mimi kichwa chenye aya chini yake hukishika chini: kikiongezeka mstari kinapanda kuelekea pambizo, ambako kwa kawaida kuna hewa, na pengo kati yake na aya linabaki lilivyo. Aya naishika juu. Fanya hivyo kabla ya kubadilisha neno lolote.

Kosa la pili ni kona. Kisanduku cha maandishi ukikibofya kina vishikio vya aina mbili: vya mviringo kwenye kona nne, na vya mstari kwenye ubavu wa kushoto na kulia. Kile cha ubavuni kinabadilisha upana tu, na maneno yanajipanga upya ndani. Kile cha kona kinakuza au kupunguza kila kitu pamoja na ukubwa wa herufi. Mtu anayetaka tu maneno yaingie anavuta kona, maneno yanaingia, anafurahi. Ila herufi zimetoka 14 zimekuwa 12.7, na ukurasa unaofuata zimekuwa 13.1. Hapo ndipo umoja wa kiolezo unapovunjika, na huwezi kuuona ukurasa mmoja mmoja; msomaji anauona anapofunua kurasa. Niliwahi kukabidhi kijitabu cha kurasa kumi na sita nilichokitengeneza hivyo nilipokuwa naanza kazi hii, na mteja aliniuliza swali moja tu: kwa nini kurasa za katikati zinaonekana zimeandikwa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo kona za kisanduku cha maandishi sizigusi. Nikitaka ukubwa mwingine naandika namba kwenye kiboksi cha ukubwa wa herufi.

Dalili ya kutafuta ni hiyohiyo: bofya vichwa vyote vya daraja moja, ukurasa baada ya ukurasa, na uangalie namba. Desimali yenyewe si kosa, kuna watengenezaji wanaoacha 13.5 kwa makusudi. Kosa ni namba kutofautiana kati ya vitu vya daraja moja.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, chukua karatasi na usome kiolezo kama fundi anavyochukua vipimo vya nguo aliyoletewa akashone nyingine kama hiyo. Hii kazi wewe unaijua kuliko mimi. Andika ukubwa wa herufi za kichwa kikuu, kichwa kidogo na aya. Nafasi kati ya mistari ya kila kimoja. Jina la fonti. Kisha bofya kitu kimoja kimoja, fungua `Position`, na chini ya `Arrange` kuna sehemu ya `Advanced` yenye upana, urefu, X na Y. X ni umbali kutoka ukingo wa kushoto wa ukurasa, Y ni umbali kutoka juu. Namba hizi ndizo mtindo wenyewe. Rangi na fonti watu huzitunza bila kuambiwa. Mapengo ndiyo yanayopotea.

Tuje kwenye ukurasa wako wa hatua tatu, maana ndio mgumu kuliko yote. Nitatumia vipimo vya ukurasa wa aina hiyo ili uone hesabu inavyokwenda. Wewe utaweka namba ulizozisoma kwenye wako.

A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Tuseme pambizo ni sentimita 2 kila upande, basi umebaki na 17 za kutumia. Hatua tatu zimekaa kwenye kadi tatu zilizosimama, kila moja ina upana wa 5, na kati ya kadi na kadi kuna sentimita 1. Kadi zinaanza kwenye X ya 2, 8 na 14. Zinaanzia Y ya 10 na kuishia 24, yaani urefu wake ni 14. Ndani ya kadi kuna picha ya duara yenye upana wa 4, chini yake kichwa kidogo, chini yake aya. Pengo kutoka ukingo wa kadi hadi kilichomo ndani ni nusu sentimita, na kati ya vitu vya ndani pia ni nusu sentimita. Angalia namba hizo zinavyojirudia: 2 kwenye pambizo, 1 kati ya kadi, 0.5 ndani ya kadi. Karibu kila kiolezo kizuri kina ngazi kama hizi chache, na kazi yako yote ni kutokuzalisha ngazi mpya.

Ukitaka kuingiza kadi ya nne kwenye safu ileile, unapata mapengo matatu ya sentimita 1, unabaki na 14, ukigawa kwa nne kila kadi inakuwa 3.5. Toa nusu kila upande, aya inabaki na sentimita 2.5. Kwenye upana huo Kiswahili hakikai. Utapata neno moja kwa mstari, pengine mawili, na neno likiwa refu kuliko kisanduku Canva inalikata popote na kushusha mabaki yake chini. Wengi hapo ndipo wanapopunguza herufi hadi 7. Usifanye hivyo.

Kwanza pitia kurasa zote za kiolezo na utafute kama kuna ukurasa ambao tayari una vitu vinne: huduma nne, sababu nne, maswali manne. Mara nyingi upo. Ukiupata, urudufishe, ufute yaliyomo na uweke hatua zako. Mpangilio uliotengenezwa na yuleyule aliyetengeneza kurasa nyingine hautapingana nazo, na hutahitaji hesabu yoyote. Watu wengi wanakarabati ukurasa wa tano kwa taabu huku jibu likiwa ukurasa wa tisa.

Kama haupo, panga mbili juu na mbili chini. Upana: 17 toa pengo moja la sentimita 1 ni 16, kila kadi 8. X zinakuwa 2 na 11. Urefu: 14 toa pengo moja ni 13, kila kadi 6.5. Y zinakuwa 10 na 17.5. Ukijumlisha, kadi za chini zinaishia 24 kamili, palepale zilipoishia zile tatu, kwa hiyo utepe wa chini wa ukurasa hausogezwi hata kidogo.

Hapa unaweza kukwama kwenye jambo moja. Bofya kadi uone ina vishikio gani. Kama ina vya ubavuni, ni umbo la kawaida la Canva, na unaweza kulibadilisha kutoka 5 kwa 14 kuwa 8 kwa 6.5 bila kona zake za mviringo kuvutika. Kama ina vya kona tu, ni mchoro, na mchoro unakua kwa uwiano wake uleule, hauwezi kuwa mpana na mfupi. Huo uache. Bonyeza herufi R kwenye kibodi ukiwa hujachagua kitu, utapata mstatili mpya. Upe rangi ileile kutoka kwenye rangi za ukurasa, kisha ongeza mviringo wa kona kwa `Corner rounding` hadi ufanane kwa macho na kadi ya asili. Ukitoa mchoro kwenye ukurasa mmoja na kuacha kwenye kurasa nyingine, hakikisha mviringo wa kona unalingana. Ni kitu kidogo ila huonekana.

Ndani ya kadi mpya, picha ya duara ya sentimita 4 haifai tena, ingekula zaidi ya nusu ya urefu. Ifanye 2, uiweke kwenye kona ya juu kushoto ya kadi: X ya 2.5 na Y ya 10.5, yaani nusu sentimita kutoka kila ukingo. Picha, tofauti na maandishi, unaipunguza kwa kona bila hofu, maana hapo unataka uwiano ubaki. Kichwa kidogo kinakaa pembeni ya duara, kikianzia X ya 5, na kina upana wa 4.5. Awali kilikuwa na 4, kwa hiyo kimepata nafuu. Aya inaanza chini ya duara, Y ya 13, X ya 2.5, na upana wake ni 7. Inatakiwa iishe kwenye 16, ili nusu sentimita ya chini ibaki wazi. Kadi ya kwanza ikishakaa sawa, chagua vyote vya ndani pamoja na kadi, bonyeza `Ctrl+G` kuvifunga kundi moja, kisha `Ctrl+D` kurudufisha mara tatu, na kila kundi uliandikie X na Y yake kwenye `Advanced`. Usivute kwa kipanya. Mistari ya waridi inayotokea unapovuta inasaidia, lakini hukushika kwenye kitu chochote kilicho karibu, hata kile usichokikusudia. Ukitumia Mac, bonyeza Cmd badala ya Ctrl.

Nafasi ya aya sasa ni sentimita 7 kwa 3. Awali ilikuwa 4 kwa 6.5 hivi. Ukizidisha, umetoka 26 hadi 21, maana yake una karibu asilimia 80 ya nafasi ya mwanzo, kwa kila hatua. Hakuna ujanja wa mpangilio utakaofuta hilo. Kama mstari mmoja wa aya unakula takriban nusu sentimita, una mistari mitano, sita ukibana, na usibane. Mistari mitano ya upana huo kwa herufi za 10 au 11 ni maneno kama thelathini ya Kiswahili. Hiyo ndiyo bajeti yako, na inabidi maneno yaifuate.

Najua unapenda maelezo yako yawe kamili, na kwa mwanafunzi anayeshika mkasi kwa mara ya kwanza ni haki yako. Ila tazama hatua ya kwanza inaweza kuandikwa hivi: “Kabla ya kuanza kukata kitambaa chako ni muhimu sana kuhakikisha kwamba umechukua vipimo vyote vya mwili wa mteja kwa usahihi, ikiwemo kifua, kiuno, nyonga na urefu, kwa sababu ukikosea hapa utakosea kila mahali.” Hayo ni maneno 33. Au hivi: “Pima kifua, kiuno, nyonga na urefu kabla ya kukata kitambaa. Kosa la hapa hufuata nguo yote.” Maneno 16, na hakuna kipimo kilichopotea. Tena kwa sketi hata kifua kinaweza kutoka. Maneno kama “ni muhimu sana kuhakikisha kwamba” ndiyo yanayokuvunjia kiolezo, na ukiyaondoa mwanafunzi hakosi kitu. Yale ambayo kweli hayawezi kukatwa, kama jinsi ya kushika futi kiunoni, yapeleke kwenye ukurasa wa maandishi matupu wa kiolezo hichohicho, uliorudufishwa na kuwekwa baada ya huu. Kiolezo cha kurasa 12 kinaweza kuwa cha 15 bila kuharibika, mradi kila ukurasa ulioongezwa umezaliwa na ukurasa uliokuwepo.

Kichwa kikuu nacho kina bajeti yake, na hapo uhesabu herufi badala ya maneno. Tuseme mfano wa kiolezo unasema THREE SIMPLE STEPS: herufi na nafasi zake ni 18. Wewe unataka HATUA NNE ZA KUSHONA SKETI YAKO YA KWANZA: ni 41, zaidi ya mara mbili, na zote ni herufi kubwa zilizoachanishwa. Haitaingia kwenye mstari mmoja kwa ukubwa ule hata ufanyeje. Tazama juu ya kichwa: violezo vingi vina mstari mdogo pale, wa maneno mawili matatu kwa herufi ndogo. Mtu huufuta akidhani ni pambo. Huo ndio wa kukusaidia. Andika HATUA NNE kwenye mstari mdogo, na kwenye kichwa kikuu andika SKETI YA KWANZA, ambayo ni 15. Maana imebaki yote, na kichwa kimekaa ndani ya nafasi kiliyoandaliwa.

Kama bado kichwa fulani kinazidi kidogo, kwa herufi mbili tatu tu, angalia nafasi kati ya herufi kwenye `Spacing` kabla ya kugusa ukubwa. Vichwa vya herufi kubwa mara nyingi vimewekwa 100 au 200, na kupunguza kidogo kunarudisha neno kwenye mstari wake. Lakini namba utakayoamua iweke kwenye vichwa vyote vya daraja hilo, kurasa zote. Ukibadilisha kimoja tu, umerudi kwenye kosa la kona kwa mlango mwingine.

Kuhusu namna ya kuingiza maneno yenyewe. Bofya ndani ya kisanduku, `Ctrl+A` kuchagua yote yaliyomo, kisha bandika kwa `Ctrl+Shift+V`, ambayo huleta maneno bila mavazi yao ya kule yalikotoka. Ukibandika ukiwa nje ya kisanduku, Canva inakutengenezea kisanduku kipya chenye fonti yake, na wengi huanza kukipamba kifanane na cha asili badala ya kukifuta. Usifute maneno yote kisha ukabofya pembeni, maana kisanduku kitupu hupotea na mtindo wake. Na baada ya kubandika pitia mwisho wa kila mstari: maandishi yaliyotoka kwenye programu nyingine huja na Enter zilizojificha, mstari unakatika katikati ya sentensi, au kuna mstari mtupu kati ya aya. Mstari mtupu ni pengo la urefu wa mstari mzima ambalo kiolezo hakikuwa nalo. Kisanduku kimoja kikiwa na mtindo tofauti licha ya yote haya, chagua kile kilicho sahihi, bofya alama ya rola ya rangi iitwayo `Copy style`, kisha bofya kilichoharibika.

Picha zina shida ndogo. Buruta picha yako hadi juu ya ile ya mfano mpaka uione imeingia ndani ya duara, ndipo uachie. Ukiiachia mapema inakaa juu kama kitu kipya, na ukianza kuikata kwa mkono duara lako halitalingana na mengine. Ikishaingia, bofya mara mbili uisogeze ndani ya fremu ili mkono unaoshona uwe katikati. Jambo moja la kuangalia ni mandhari: kama picha za mfano zote zina nyuma nyepesi na zako zimepigwa kwenye ukuta wa rangi kali, kadi zitaonekana nzito kuliko zilivyokuwa ingawa hakuna kipimo kilichobadilika. Afadhali upige tena picha nne juu ya kitambaa cheupe, mwanga wa dirishani, kuliko kuhangaika na vichujio.

Rangi ukitaka kuzibadilisha, badilisha kwa kazi yake. Bofya kitu kimoja, chagua rangi mpya, na Canva itakuuliza kwa kitufe cha `Change all` kama ibadilishe kila penye rangi ile. Kubali. Ila rangi nyepesi ibadilishwe na nyepesi, nzito na nzito. Kadi za krimu ukizifanya za zambarau iliyokolea, maandishi ya kijivu yaliyomo hayasomeki, utayafanya meupe, na kuanzia hapo unatengeneza kiolezo kingine. Fonti vivyo hivyo: ukibadilisha, ukubwa wa namba utabaki uleule lakini fonti mpya inaweza kuwa pana zaidi, na bajeti zote tulizohesabu zitabadilika. Kama fonti ya asili inasomeka, iache. Na kama baadhi ya picha au michoro ina alama ya taji na huna akaunti ya kulipia, ibadilishe mapema, usisubiri kuambiwa ulipie wakati wa kupakua, maana kitu mbadala nacho huja na umbo lake na kudai nafasi yake.

Ukimaliza ukurasa, funga kwa kufuli vitu visivyohitaji kuguswa tena: kadi, utepe wa chini, mistari ya pambo. Ukiona kitu hakisogei kwenye kiolezo chako cha asili, ni kwa sababu muuzaji alikwisha kukifunga hivyohivyo. Bofya alama ya kufuli ukifungue pale tu unapokihitaji, kisha ukifunge tena.

Kisha fungua ile nakala ya “Asili – usiguse” kwenye dirisha la pili, weka madirisha mawili ubavu kwa ubavu, na punguza ukubwa wa kuonekana hadi asilimia 25 au chini ya hapo, kiasi kwamba huwezi kusoma neno. Usitazame maandishi, tazama nyeupe. Pengo chini ya kichwa ni lilelile? Mistari ya kushoto ya kichwa, aya na kadi ya kwanza inaanzia sehemu moja? Kuna mahali pamekuwa peusi kuliko pengine, kana kwamba maneno yamejazana? Penye weusi ndipo bajeti ilipozidishwa, na dawa yake ni kukata maneno mawili matatu zaidi. Kwenye kadi nne angalia pia urefu wa aya: ikiwa moja ina mistari mitano na jirani yake ina miwili, ukurasa utaonekana umeinama upande. Kichwa chochote kati ya vile vinne kikiwa na mistari miwili na vingine mmoja, kitafutie neno fupi zaidi. “Kumalizia pindo la chini” inaweza kuwa “Pindo”.

Anza na ukurasa huu wa hatua nne kwenye nakala mpya, uumalize wote, ndipo uende kwenye kurasa nyingine. Ukishaukamilisha huu, vipimo ulivyoviandika kwenye karatasi vitakutosha kwa kurasa zilizobaki, na zile rahisi hazitachukua zaidi ya dakika chache kila moja. Siku ya kupakua kwa ajili ya kuchapisha, chagua `PDF Print`, chapisha ukurasa mmoja tu kwanza kwa ukubwa kamili, kisha weka futi juu yake: pambizo iwe sentimita 2 na pengo kati ya kadi sentimita 1. Kama karatasi inakuonyesha 1.9 na 0.95, mashine imepunguza ukurasa ili uenee, na hilo linarekebishwa kwenye mipangilio ya printa, si kwenye Canva.